Meseji moja, saa imetetemeka mara mbili

Wadau, asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi, najua mmechoka. Nitaongea kitu kimoja tu. Wengi humu mnavaa saa janja, na kila mwenye saa janja ana malalamiko mawili: kuna arifa haiji kabisa mkononi au inakuja inapotea kabla hujaisoma, na kuna nyingine inatetemesha mkono mara mbili wakati meseji ni moja. Watu wanayachukulia kama matatizo mawili tofauti. Mi nasema ni tatizo lilelile, ila limegeuzwa upande.

Tuanze na jambo ambalo ukilielewa mengine yanajifungua yenyewe. Kwa kawaida saa yako haipokei meseji. Unachokiona mkononi ni nakala ya arifa ambayo simu imeionyesha kwenye skrini yake, na hiyo nakala imepita kwa mtu wa kati, yaani ile apu ya saa mliyoiweka kwenye simu siku ya kwanza ya kuunganisha. Simu inapokea meseji, apu ya kuchati inaweka arifa, apu ya saa inaisoma arifa na kuirusha kwa bluetuthi. Ni kama mtu amesimama mbele ya ubao wa matangazo anakusomea kwa simu, we uko mbali huuoni ubao. Akibandikwa tangazo, anakwambia. Likibanduliwa, anakwambia. Shida inaanza pale mtu anaporudi kurekebisha tangazo lililokuwepo, huyu msomaji afanyeje, akusomee upya au anyamaze?

Kwenye Android huyo msomaji ana jina, anaitwa `NotificationListenerService`, na yupo tangu Android 4.3 ya mwaka 2013. Kila tukio la arifa linamfikia kwa njia moja kati ya mbili: `onNotificationPosted`, imewekwa, na `onNotificationRemoved`, imeondolewa. Sasa sikilizeni hapa vizuri maana ndo kiini cha yote: arifa mpya na arifa ya zamani iliyorekebishwa zote zinaingia kwa mlango mmoja, ule wa `onNotificationPosted`. Mfumo haumwambii "hii ni ileile ila imeongezwa picha". Anatakiwa ajue mwenyewe, na ndiyo maana saa mbili tofauti zikiunganishwa na simu ileile zinaweza kutenda tofauti kabisa, kila aliyeandika apu ya saa kaamua kivyake.

Tuchukue meseji moja tuifuate. Asha anatuma picha kwenye kundi linaitwa Mradi, na chini ya picha kaandika "angalieni hii". Saa 4:14 na sekunde 3 simu inaipokea. Apu ya kuchati inaweka arifa yenye namba 101, hiyo ndo ya Asha. Alafu palepale inaweka arifa ya pili, namba 1, hiyo ni ya muhtasari, ile inayokusanya chati zote za apu hiyo ziwe furushi moja kwenye simu badala ya kujaza skrini. Kwenye simu huoni arifa mbili, unaona furushi, na simu inatetemeka mara moja tu. Kwa nini mara moja? Kwa sababu tangu Android 8.0, mwaka 2017, apu inaweza kusema katika furushi hili nani apige kelele, ni muhtasari au ni zile za ndani, na mwingine ananyamazishwa na simu.

Lakini huyo msomaji wetu ameletewa zote mbili. Mlango umegongwa mara mbili ndani ya muda mfupi sana, na kama aliyeandika apu ya saa hakuangalia nani kanyamazishwa, saa inatetemeka kwa ajili ya 101 alafu inatetemeka tena kwa ajili ya muhtasari, na mara nyingi ya pili imeandikwa tu "meseji 1 mpya" au inarudia maneno yaleyale. Hii ndo aina ya kwanza ya kutetemeka mara mbili na unaitambua kwa kasi yake, zinafuatana karibu pamoja, hazipishani hata sekunde. Wear OS, mfumo wa Google wa saa janja, yenyewe hii imeshaimaliza, kwenye saa inaonyesha zile za ndani na muhtasari inauacha. Ila saa nyingi za bei nafuu haziendeshwi na Wear OS, zinategemea apu ya kampuni yake, na hapo inategemea nani kaiandika.

Turudi kwa Asha. Saa 4:14 na sekunde 7 picha imemaliza kudaunlodi. Apu ya kuchati inaiweka tena arifa 101, safari hii ikiwa na kapicha kadogo ndani. Kwenye simu husikii kitu, kwa sababu apu imeweka alama ya `setOnlyAlertOnce`, maana yake piga kelele mara ya kwanza tu, marekebisho yapite kimya. Msomaji anagongewa mlango kwa mara ya tatu. Kama ana akili atatazama ufunguo wa arifa, ambao kwenye Android unafanana na hivi:

```
0|com.mfano.chati|101|null|10234
```

Hapo kuna namba ya mtumiaji wa simu, jina la apu, namba ya arifa, lebo kama ipo, na namba ambayo mfumo umeipa apu hiyo. Ufunguo ukiwa uleule, arifa ni ileile. Ataona "101 ninayo tayari, na ina alama ya kupiga kelele mara moja", basi atabadilisha maandishi kwenye saa bila kutetemesha. Asipoangalia, mkono unatetemeka tena. Hii ni aina ya pili na yenyewe inapishana sekunde kadhaa, inatokea sana kwa picha, sauti, na meseji ambazo apu inaanza na "unapakua meseji mpya" alafu inaweka maandishi halisi. Ukiona maandishi matupu hayakusumbui ila picha zinakusumbua, usihangaike na bluetuthi, ni hii.

Sasa angalieni watu wanavyojitibu. Mwandishi wa apu ya saa analalamikiwa, saa inatetemeka mara mbili, saa inatetemeka mara mbili, anaamua njia ya mkato: arifa yoyote kutoka apu ileile yenye maandishi yaleyale ndani ya sekunde kadhaa, itupe. Malalamiko yanaisha kweli. Alafu Asha anaandika "sawa" kujibu swali la kwanza, na baada ya sekunde 4 anaandika "sawa" kujibu swali la pili, na ile ya pili haifiki mkononi milele. Au kamera ya mlangoni inatuma "mtu ameonekana", baada ya muda mfupi "mtu ameonekana", watu wawili tofauti, saa imesema mmoja. Ndo maana nikasema ni tatizo moja. Kila mara msomaji anajiuliza hii ni ileile au ni mpya. Akikosea upande mmoja unatetemeshwa mara mbili, akikosea upande wa pili arifa imepotea. Na ule ukali wa kuzuia muhtasari nao ni hivyohivyo, kuna apu zinazoweka muhtasari peke yake bila za ndani, msomaji aliyeambiwa tupa kila muhtasari ataitupa hiyo apu nzima, utakaa wiki unajiuliza mbona barua pepe zinakuja kwenye simu na mkononi hakuna.

Jaribio lake ni rahisi, hata sasa hivi fanyeni na jirani yako. Akutumie "sawa", ahesabu polepole mpaka 3, akutumie "sawa" tena. Alafu akutumie "moja" na "mbili" kwa mwendo uleule. Ya pili ikikosekana kwenye jozi ya kwanza tu, apu ya saa yako inachuja kwa maandishi. Ikikosekana kwenye jozi zote mbili, shida iko kwingine. Simu iwe imefungwa skrini muda wote wa jaribio, nitasema kwa nini.

Tumalizane na Asha. Saa 4:14 na sekunde 12 we uko mbele ya kompyuta, chati ile iko wazi, umeshaiona picha. Seva inaiambia simu "imesomwa", apu inaondoa arifa 101, msomaji anaambiwa `onNotificationRemoved`, saa inafuta. Kumbuka mkono ulitetemeka sekunde 9 zilizopita, umeshika panya, unageuza mkono utazame, hakuna kitu. Hapa watu wanakasirika kweli ila hapa hakuna kilichoharibika, ndivyo inavyotakiwa iwe. Tangu Android 8.0 mfumo unamwambia msomaji na sababu ya kuondolewa, kwa mfano namba 1 ni umeigusa mwenyewe, 2 umeitelezesha, 8 apu yenyewe imeifuta, 19 muda wake umeisha. Apu nyingi za saa hazikuonyeshi hiyo sababu, na mimi naona ni uvivu, kungekuwa na kasehemu kadogo kameandikwa "ilifutwa na apu saa 4:14" watu wangelala usingizi.

Jamani wenye iPhone msinune, nakuja kwenu.

Kwa Apple Watch sheria ni fupi: arifa inaenda simu au inaenda saa, haiendi kote kuwili. Simu ikiwa imefunguliwa na unaitumia, inabaki kwenye simu. Simu ikiwa imefungwa au imelala, inaenda saa, isipokuwa saa yenyewe iwe imefungwa kwa namba ya siri au haiko mkononi. Kwa hiyo mtu anayesema "zinapotea nikiwa nimeshika simu" hajapoteza kitu, na ndo maana nimesema jaribu ukiwa umefunga skrini. Apu nyingi za saa za Android pia zina setingi inayofanana, usitume kwenye saa kama simu inatumika, na mara nyingine imewashwa bila we kujua.

Ila saa isiyo ya Apple ikiunganishwa na iPhone ni habari nyingine na mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu pale Apple walichora mkataba kabisa. Unaitwa ANCS, ulikuja na iOS 7 mwaka 2013. Hapa msomaji hayuko ndani ya simu, saa yenyewe ndo inajiunga na iPhone na kuletewa kipande cha baiti 8 kwa kila tukio. Cha Asha kinaweza kuwa hivi:

```
00 10 04 01 2A 00 00 00
```

Ile 00 ya mwanzo ni tukio: 0 imeongezwa, 1 imebadilishwa, 2 imeondolewa. Mnaona? Hapa "imebadilishwa" ina namba yake, kile Android inachomwachia msomaji agundue, iPhone inakisema wazi. Ya pili, 10, ni alama, hapa inasema kuna kitendo cha kufuta. 04 ni kundi la mitandao ya kijamii, 01 ni idadi ya arifa zilizopo kwenye kundi hilo, na baiti 4 za mwisho ni namba ya arifa. Maandishi hayamo. Saa ikitaka jina la Asha na maneno yake inabidi irudi kuyaomba kwa kutaja ile namba, na kama arifa imeshafutwa kabla ya kuuliza, iPhone inajibu kwa kosa la `A2`, haina kitu kama hicho. Saa iliyoandikwa vibaya inakuwa imeshatetemeka na haina cha kuonyesha, ndo ile arifa tupu yenye alama ya apu na hakuna maneno.

Sasa ondoka chumbani, acha simu mezani, nenda mbali mpaka bluetuthi ikatike, alafu rudi. Saa inajiunga upya na iPhone inaileta tena orodha ya arifa zilizobaki, na ya Asha inarudi hivi:

```
00 14 04 01 00 00 00 00
```

Tukio bado ni 00, imeongezwa. Namba ya arifa imebadilika, maana zile namba zinadumu kwa muunganisho mmoja tu, kwa hiyo saa haiwezi kuitambua kwa namba ya zamani. Kitu kimoja tu kinaokoa, 10 imekuwa 14, imeongezeka 4, na hiyo 4 ni alama ya kusema hii ilikuwepo kabla hujafika. Saa inayoisoma alama hiyo inanyamaza. Saa isiyoisoma inakutetemesha kwa kila arifa uliyoiacha tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, kila ukirudi karibu na simu. Kwa hiyo mtu akiniambia "zinarudi zote kwa pamoja nikitoka nje nikirudi" hata sihitaji kumuuliza zaidi. Na Android ina binamu yake: simu ikiua apu ya saa ili kutunza betri, ikifufuka inaweza kuomba orodha ya arifa zote zilizopo na kuzirusha upya kama mpya. Zile zilizokuja na kufutwa wakati imekufa ndo hazionekani kabisa. Hapo unapata kupotea na kurudia siku moja, na dawa ni kuiondoa apu ya saa kwenye uzuiaji wa betri, siyo kuunganisha saa upya, watu wanaunganisha upya mpaka wanachoka.

Kuna aina moja ya kutetemeka mara mbili ambayo setingi za msomaji haziigusi. Ni pale ambapo apu ya kuchati ipo kwenye simu na ipo pia kwenye saa yenyewe, na ile ya kwenye saa inapokea kutoka seva moja kwa moja. Tangu Android Wear 2.0 ya mwaka 2017, ndo Wear OS kwa jina la zamani, apu za saa zinaweza kujitegemea namna hiyo. Basi meseji ya Asha inafika mara mbili kwa njia mbili, moja ni nakala ya simu, moja ni ya saa mwenyewe, na ukizitazama hazifanani, moja ina mpangilio na vitufe vya kwake na nyingine ni ya kawaida. Google waliweka njia ya kuzuia, mwandishi wa apu anaandika kwenye apu ya saa:

```xml
<meta-data
  android:name="com.google.android.wearable.notificationBridgeMode"
  android:value="NO_BRIDGING" />
```

Maana yake usiniletee nakala za simu, najitegemea. Nzuri. Ila fikiria umeweka apu kwenye saa, hujaingia kwenye akaunti yako pale kwenye saa, na mstari huu upo. Nakala ya simu imezuiwa, na ya saa haiji kwa sababu haijui we ni nani. Kimya pande zote mbili, na kwenye simu kila kitu kinafanya kazi vizuri tu. Mwandishi makini anatumia `BridgingManager` badala yake, anazuia nakala baada ya mtu kuingia kwenye akaunti. We kama mtumiaji, ukiona apu moja tu imekufa mkononi tangu ulipoiweka kwenye saa, ifungue pale kwenye saa uone kama inakudai uingie, na ukishindwa ifute kwenye saa, nakala zitarudi.

Kwa wanaopenda kuchimba, unganisha simu ya Android na kompyuta, na wakati arifa bado iko kwenye simu andika:

```
adb shell dumpsys notification --noredact
```

Itakumwagia maandishi mengi, tafuta jina la apu yako, utaona ufunguo na alama, kwa namba au kwa majina kutegemea toleo la Android. `0x200` ni muhtasari, `0x8` ni piga kelele mara moja, `0x2` ni arifa inayoendelea kama muziki au ramani, ambazo kwa kawaida Wear OS haizileti kama nakala. Na `0x100` ni ya kwenye simu tu, mwandishi kaita `setLocalOnly`, kasema hii isitoke nje ya kifaa hiki. Ukiikuta hiyo usipoteze jioni yako kwenye setingi za saa, mwandikie aliyetengeneza apu, ni yeye tu wa kuiondoa.

Nimeona mkono kule nyuma… anauliza kodi za kuingilia, zile tarakimu za kutumika mara moja, kwamba zamani alikuwa anazisoma mkononi na siku hizi arifa inakuja bila tarakimu. Swali zuri. Kama simu yako ilipata Android 15, ya mwaka 2024, hilo ni la makusudi. Msomaji ambaye mfumo haumwamini anapewa arifa yenye kodi ikiwa maandishi yake yamefichwa, kwa sababu mlango huohuo wa kusoma arifa ndo wezi walikuwa wanautumia kuiba kodi. Tazama kwanza kama saa imeunganishwa kwa njia rasmi ya simu, ile inayotoa dirisha la kukuomba uiruhusu apu isimamie kifaa chako, au ulimpa tu ruhusa ya kusoma arifa ukaishia hapo. Kama ni ya pili, jaribu kuunganisha kwa ile rasmi, na apu ya saa isipokuwa na dirisha hilo kabisa, tarakimu utazisoma kwenye simu.